Renda ya klei ikigoma kuvaa materiali kwenye raundi ya pili: dalili na chanzo chake

Kwa anayetumia njia hii tayari anajua mtiririko wake, unajenga sini yako kwenye Blender, unavika kila kitu klei moja nyeupe isiyong'aa, unarenda, halafu hiyo picha unaipeleka kwa modeli ya kutengeneza picha iweke matofali, mbao, vitambaa na kadhalika. Uzuri wake ni kwamba umbo na kamera unaviamua mwenyewe na hausumbuki na tekscha. Shida ni kwamba watu wengi raundi ya pili inawagomea, na wakigomewa wanaanza kubadilisha prompti, wanaongeza maneno, wanaongeza tena, wakati prompti mara nyingi haina kosa lolote.

Nitatumia sini moja mpaka mwisho ili tusipotezane. Chumba, ukuta wa kushoto nataka uwe matofali mekundu, sakafu mbao, katikati kiti kikubwa cha kitambaa cha kijani, kulia dirisha ambalo jua linaingilia hapo na kutua sakafuni. Modeli ni SDXL, naendesha kwenye ComfyUI, picha ni 1216 kwa 832. Prompti ni hii tu:

```
interior photo, red brick wall, oak plank floor,
green fabric armchair, sunlight from window
```

Picha imetoka lakini kila kitu bado kina weupe wa chokaa

Hii ndio dalili namba moja na ndio nitakaa nayo zaidi. Unapata matofali, ndiyo, mistari yake unaiona, lakini ni matofali yaliyopakwa chokaa. Sakafu ina mbao ila mbao zimepauka kama zimekaa juani miaka. Kiti ni cha kijivu chenye harufu ya kijani kwa mbali. Ukiangalia `denoise` kwenye `KSampler`, yaani kile kiasi cha picha unachoruhusu kichorwe upya, utakuta iko 0.4 au 0.5, kwa sababu ulitaka umbo lisiguswe.

Sasa elewa kinachotokea pale ndani. Ukipitisha renda yako kwenye `VAE Encode`, ile nodi inayoiingiza picha yako kwenye modeli, modeli haijui kwamba weupe ule ni wa muda tu, kwamba ulimaanisha "hapa patapakwa rangi baadaye". Kwake weupe ni rangi kama rangi nyingine, umempa chumba cheupe na yeye anakuheshimu anakurudishia chumba cheupe. Halafu kuna hili la pili ambalo ndio kiini cha jambo zima: modeli hizi zinasafisha chengachenga kwa mpangilio, mwanzoni kabisa chenga zikiwa nyingi ndio zinaamua vitu vikubwa, wapi pawe giza, wapi mwanga, eneo hili rangi gani kwa ujumla, na mwishoni ndio zinaweka vitu vidogo kama nyuzi za kitambaa na mishipa ya mbao. `denoise` ya 0.45 maana yake umeanzia katikati ya safari, ile sehemu ya kuamua rangi kubwa umeshairuka, kwa hiyo modeli inabaki na kazi ya kuchora mishipa ya mbao juu ya rangi ambayo haina nafasi tena ya kuibadilisha. Ndio maana unaona muundo wa matofali bila wekundu wa matofali. Hata ukiandika `red` mara tano kwenye prompti haisaidii sana, muda wa kuamua wekundu ulishapita.

Jinsi ya kuthibitisha kama ni hilo: funga `seed` isibadilike, usiguse kitu kingine, toa picha tatu kwa 0.45, 0.65 na 0.85. Kama rangi inaingia kadiri unavyopanda, na wakati huohuo kiti kinaanza kubadilika miguu na dirisha linahama, basi jibu umelipata, weupe wa klei ndio unaokuzuia.

Kuna dawa mbili na zinafaa hali tofauti.

Ya kwanza ni kutoitumia klei kama picha ya kuanzia kabisa. Badala ya `VAE Encode` unaweka `Empty Latent Image`, `denoise` inakuwa 1.0, na umbo unalishika kwa ControlNet ya kina tu, yaani kiongozi kinacholazimisha modeli ifuate ramani ya umbali wa vitu kutoka kwenye kamera. Hapo rangi iko huru asilimia mia. Usifanye ujanja wa kuacha klei kwenye `VAE Encode` halafu ukapandisha `denoise` mpaka 1.0 ukadhani ni kitu kilekile, kwa SDXL bado kuna chembe ya ile picha inayopenya, na ikiwa picha nzima ni nyeupe basi matokeo yanaegemea kung'aa. Hasara ya njia hii ni moja lakini nzito: ramani ya kina inajua umbali tu, haijui jua. Lile jua lako la dirisha la kulia ulilolipanga vizuri linapotea, modeli inaweka mwanga inaoutaka yenyewe, mara nyingine kivuli cha kiti kinaangukia upande wa dirisha kabisa.

Ya pili, ambayo mimi ndio naitumia karibu kila siku, ni kupaka rangi ya chini juu ya klei kabla ya kuipeleka. Unafungua renda kwenye GIMP au Krita, unaongeza leya juu yake yenye modi ya `Multiply`, unajaza rangi bapa tu, ukuta wa kushoto 150, 75, 55, sakafu 165, 120, 80, kiti 70, 100, 65. Hakuna tekscha, hakuna kivuli, ni kama mtoto anajaza rangi kitabuni. Kwa kuwa `Multiply` inazidisha, pale klei ilipokuwa nyeupe rangi inatokea kamili na pale palipokuwa na kivuli rangi inakuwa nzito, kwa hiyo mwanga wako wote umebaki na kila eneo sasa lina rangi yake. Hii ndio unaipeleka kwa `VAE Encode` na `denoise` ya 0.55 mpaka 0.65, na hapo modeli haihitaji tena kuamua rangi kubwa kwa sababu umeshaiamulia, inabaki na kazi anayoiweza kwa kiwango hicho cha chenga, yaani kugeuza wekundu bapa kuwa tofali.

Kwenye chumba chetu tofauti ilikuwa ya kushangaza kwa kweli, `seed` ileile, 0.6 ileile, prompti ileile, klei tupu ilinipa ukuta wa chokaa na ile yenye rangi ya chini ikanipa tofali nyekundu zenye saruji ya kijivu katikati na zile za karibu na dirisha zimepata joto la jua upande mmoja.

Kitu kidogo cha kuangalia hapo: kama klei yenyewe imeungua, yaani ukuta uliopigwa na jua umefika 255 kote, hakuna `Multiply` itakayorudisha umbo lililopotea. Angalia histogramu, kama imebanana yote ukingoni kulia, punguza nguvu ya jua au fanya klei iwe ya kijivu kidogo. Mimi naweka 0.6 badala ya ile 0.8 inayokuja nayo Blender, inaonekana chafu kidogo kwa jicho lakini pembe na mikunjo zote zinasomeka:

```python
import bpy
m = bpy.data.materials.new("klei")
m.use_nodes = True
b = m.node_tree.nodes["Principled BSDF"]
b.inputs["Base Color"].default_value = (0.6, 0.6, 0.6, 1)
b.inputs["Roughness"].default_value = 1.0
bpy.context.view_layer.material_override = m
```

Hii ni kwa Cycles. Na pia toa neno `white` na neno `clay` kwenye prompti kama uliyaweka ukidhani unamweleza modeli picha ilivyo, ukiyaandika ataelewa ndio unachokitaka.

Rangi ziko poa ila vitu vimehama au vimegeuka

Kiti kimekuwa na mkono mmoja mnene, fremu ya dirisha imeongezeka kipande, ukuta wa nyuma umesogea mbele. Hapa ControlNet ya kina ndio ya kuiangalia, na kabla hujagusa `strength` hakikisha ramani yenyewe ni sahihi, maana nimeona watu wanapandisha nguvu mpaka 1.2 kwa ramani iliyopinduliwa.

Mkosaji mkubwa ni upande wa nyeupe na nyeusi. Ramani ya kina tunaitoa kwenye `Mist` ya Blender, nayo inatoa karibu ni nyeusi na mbali ni nyeupe, ControlNet ya kina inataka kinyume, karibu ndio nyeupe. Usipoigeuza modeli inasoma kiti chako kama shimo na ukuta wa nyuma kama kitu kilicho mbele ya uso. Dalili yake ukishaizoea huikosei: vitu vinaonekana vimebandikwa au vimechimbwa ukutani, kiti kinageuka kuwa kabati la ndani ya ukuta, na pembe za chumba zinatokeza nje badala ya kuingia ndani. Weka `ImageInvert` katikati, kwisha.

La pili ni masafa. Kwenye `World` utaona `Start` na `Depth` za `Mist Pass`. Kama kitu cha karibu kiko mita 2 kutoka kwenye kamera na ukuta wa mwisho uko mita 7, weka `Start` 1.5 na `Depth` 6, ili kile chumba kitumie kijivu chote kuanzia nyeusi mpaka nyeupe. Ukiacha `Depth` ya 25 inayokuja nayo Blender chumba chako kizima kinabanwa kwenye chini ya robo ya kijivu, kiti na ukuta wa nyuma yake vinakaribiana rangi na modeli inaona vimegusana. `Falloff` iwe `Linear`. Na wakati wa kuhifadhi, rangi zisipitie `AgX`, weka `Raw`, maana `AgX` ni ya kupendezesha picha ya macho na hapa tunahifadhi umbali.

La tatu ni la haraka: ukishakuwa na ramani ya kina kutoka Blender usiipitishe tena kwenye nodi ya kukisia kina. Inakisia kina cha picha ya kina, matokeo yake ni uji. Ipeleke moja kwa moja kwenye `Apply ControlNet`.

Ramani ikiwa safi, `strength` ya 0.7 na `end_percent` ya 0.7 inatosha kwa chumba kama hiki. Watu wanaogopa kuiachia kabla ya mwisho lakini ukiishikilia kwa 1.0 mpaka stepu ya mwisho utaona tatizo lingine, uso wa kila kitu unakuwa laini kama plastiki, kitambaa hakioti nyuzi, matofali hayapati mashimo, kwa sababu ramani inasema ukuta ni bapa kabisa na modeli inalazimishwa kutii mpaka pale ilipotakiwa kuweka ukwaru. Iachie asilimia 30 ya mwisho ipumue.

Kivuli kimegeuka kuwa kitu

Hii iliwahi kunipotezea jioni nzima. Jua lilipita dirishani likachora sakafuni kivuli cha ile fremu, msalaba mzuri mweusi kwenye klei nyeupe. Kwenye picha ya mwisho ule msalaba ukawa vipande vya mbao nyeusi vilivyopachikwa sakafuni, kabisa kabisa, vina mishipa na maungio. Nikabadilisha `seed` mara ishirini, kila mara ni mbao nyeusi au zulia jembamba au ufa.

Chanzo kilikuwa Canny, kile kichomoa mistari cha kulishia ControlNet ya kingo. Nilikuwa naichomoa mistari kutoka kwenye klei ileile yenye jua, na Canny haijui kivuli ni nini, inatafuta mahali ambapo mwanga unabadilika ghafla. Kwenye picha ya kawaida kivuli kina tekscha ya sakafu ndani yake kinachosaidia modeli kujua ni kivuli, kwenye klei hakuna kitu, ukingo wa kivuli ni mkali sawasawa na ukingo wa meza. Jua la Blender linakuja na `Angle` ndogo ya nusu digrii hivi, kwa hiyo vivuli vyake vina makali ya kisu.

Kujua kama ndio hilo, usikisie, weka `Preview Image` kwenye mistari yenyewe uitazame. Ukiona msalaba sakafuni umechorwa kama vile ni kitu cha kushikika, ndio huo.

Suluhisho zuri ni kurenda klei mara mbili kwa kamera ileile. Moja bila jua, mwanga sawasawa kutoka kila upande kupitia `World`, hiyo ndio unachomolea mistari, na humo utapata kingo za vitu tu. Nyingine yenye jua, hiyo ndio unapaka rangi ya chini na kuipeleka `VAE Encode`. Kila picha inafanya kazi moja, moja inabeba umbo na moja inabeba mwanga. Kama huna muda wa renda ya pili, panua `Angle` ya jua mpaka digrii 15 hivi, kingo za vivuli zinalainika na Canny inaziruka nyingi, ila ujue jua lako nalo litakuwa la mawingu. Kupandisha `low_threshold` na `high_threshold` kunasaidia kidogo lakini unapoteza pia kingo dhaifu za vitu, mfano mshono wa kiti, kwa hiyo sio dawa ninayoipenda.

Materiali inavuja kwenda kwa jirani

Umeomba matofali ukutani na sasa ukuta wa nyuma nao una matofali, au kiti kina rangi ya mbao. Kama umeshapaka rangi ya chini tatizo hili linapungua lenyewe kwa kiasi kikubwa, maana kila neno limepata mahali pa kushikia. Kinachobaki kimalize kwa maski, na maski usichore kwa mkono wakati Blender inaweza kukupa kutoka kwenye `Cryptomatte` ikiwa imefuata ukingo wa kitu kwa pikseli.

Hapa kuna mtego mmoja ambao unawakamata wengi. Kuna nodi mbili zinazofanana kwa jina na kazi. `VAE Encode (for Inpainting)` inafuta kilichomo ndani ya maski inakiweka kijivu, kwa hiyo inataka `denoise` ya 1.0, ukiipa 0.5 unapata doa la kijivu pale kiti kilipokuwa na unabaki unashangaa. `Set Latent Noise Mask` haifuti, inaanza na kilichopo, na hiyo ndio inayofaa hapa kwa sababu tunataka kivuli na rangi ya chini vibaki. Maski ya kiti, `denoise` 0.55, prompti ifupishwe iwe kiti peke yake, `green fabric armchair, woven texture`, matofali yasitajwe kabisa kwenye raundi hiyo. Ukingo wa maski ulainishe pikseli chache, la sivyo kiti kinaonekana kimekatwa na mkasi.

Kabla hujamlaumu modeli, tazama klei yenyewe

Haya ni makosa yanayoingia kwenye renda ya kwanza kabisa. Kubadilisha materiali zote kwa moja kunabadilisha na vioo pia, dirisha linakuwa ubao mweupe na jua haliingii, kwa hiyo ficha vioo kabla ya kurenda. Taa zilizotengenezwa kwa materiali ya kutoa mwanga nazo zinazimika. Majani ya mmea yaliyokatwa kwa picha yenye uwazi yanarudi kuwa vibao vya mraba, na modeli itakuchorea kwa uaminifu kabisa mmea wenye majani ya mraba, toa huo mmea, uweke raundi ya maski. Na chochote kilichokuwa kwenye bampu au nomo mapu kimepotea, kimebaki kile tu kilichojengwa kwenye meshi.

Hilo la mwisho ndio linaleta pia matofali makubwa kama masanduku. Klei tupu haina kitu cha kumwambia modeli tofali moja ni ukubwa gani. Kwenye chumba chetu `seed` moja ilinipa mistari tisa tu ya tofali kutoka sakafuni mpaka dari, kwa ukuta wa mita 2.7 hiyo ni sentimita 30 kila mstari, wakati tofali la kawaida na saruji yake ni kama sentimita 7 na nusu, kwa hiyo inatakiwa iwe mistari 36. Nilichofanya ni kuchora ile mistari 36 kwenye leya ya rangi ya chini, mistari myembamba ya rangi iliyokolea kidogo kuliko ukuta, ya kulala tu bila ya kusimama, nikiifuata perspektivi ya ukuta. Raundi iliyofuata, 0.6 ileile, tofali zikakaa kwenye mistari yake na zile za kusimama modeli ikazipanga yenyewe kwa kupishana kama ukuta unavyojengwa.